Bustani Yetu: Umbo Kwanza, Rangi Baadaye

Juma hili twaingia bustanini kutazama maua mawili mnayoyajua sana kwa macho: bugenvilea na hibiskusi. Bugenvilea ni ile yenye miiba, ipandayo juu ya kuta na mapaa, ikafunika kila kitu kwa rangi ya zambarau, nyekundu, chungwa au nyeupe. Hibiskusi ni kile kichaka chenye ua kubwa la wazi, ambalo katikati yake hutoka nguzo nyembamba yenye chavua ya manjano.

Kila mtu aweza kuyataja maua hayo. Lakini ukiuliza, "Bugenvilea hii ni ya aina gani?" utajibiwa, "Ni ile nyekundu," au "Ni ile ya zambarau." Basi twafikiri tumekwisha kuitambua. Kumbe rangi ni shahidi asemaye mengi, na si yote aliyosema ni kweli. Rangi hubadilika kwa umri wa ua, kwa jua na kivuli, hata kwa saa za mchana. Umbo halibadiliki hivyo. Kwa hiyo anayetaka kujua aina ya ua na atazame umbo kwanza. Na rangi aiulize baadaye, tena kwa wakati wake.

Jambo hili si la kujifurahisha tu. Maua haya hatuyapandi kwa mbegu, bali kwa vipande vya matawi. Kipande huchukua tabia zote za kichaka mama: rangi yake, umbo lake na majira yake ya kuchanua. Ukikosea katika kuchagua kichaka mama, utamwagilia na kupalilia miezi mingi, kisha siku ya maua utaona rangi usiyoitaka.

Bugenvilea: ua halisi liko wapi?

Chuma shada moja la bugenvilea, uliweke mkononi. Vile vipande vitatu vyembamba kama karatasi, vyenye rangi kali, watu huviita maua. Si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ukivitazama vizuri utaona mishipa yake, sawasawa na mishipa ya jani la kijani. Kazi yake ni kuwaita wadudu na ndege kutoka mbali.

Sasa tazama upande wa ndani. Katikati ya kila jani la rangi, juu ya mshipa wake mkubwa, umeshikamana mrija mdogo, wenye urefu wa sentimita 2 hivi. Ncha yake hufunguka kama nyota ndogo nyeupe au ya rangi ya maziwa. Huo mrija na nyota yake ndio ua halisi. Kwa kawaida shada moja lina mirija mitatu, kila mmoja juu ya jani lake.

Mmea huu ulitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, Mfaransa, aliukuta huko Rio de Janeiro katika Brazili. Alikuwa akisafiri pamoja na nahodha Louis-Antoine de Bougainville, aliyekuwa akiizunguka dunia kwa merikebu, na ndipo mmea ukapewa jina la nahodha huyo. Baadaye ulipelekwa katika nchi zote za joto, hata ukafika kwetu.

Aina za asili zilizo mama wa bugenvilea za bustani ni tatu, na wataalamu huziita glabra, spektabilis na peruviana. Ya kwanza na ya pili ndizo tutakazozieleza. Ya tatu, peruviana, inatupasa kuijua hasa kwa ajili ya mtoto wake, kama mtakavyoona.

Glabra na spektabilis

Neno "glabra" ni la Kilatini, maana yake "isiyo na manyoya". Jina hilo latuambia mahali pa kuanzia. Pitisha kidole chini ya jani lake la kijani: ni laini, linang'aa, wala hulisikii kama kitambaa cha sufi. Miiba yake ni mifupi, na ncha imepinda kidogo. Majani yake ya rangi yamechongoka, marefu kuliko upana wake, karibu kama pembe tatu. Mara nyingi ni ya zambarau. Yako pia meupe.

Lakini alama yake kubwa imo katika ule mrija. Ushike kati ya vidole viwili, uuzungushe polepole. Utasikia kwamba si wa mviringo. Una kingo tano, kama penseli yenye pande. Chini umevimba, kisha umebanwa kidogo katikati. Mwenye kioo cha kukuzia ataziona kingo hizo vizuri, lakini hata macho matupu yatosha kama mwanga ni mzuri.

Glabra huchanua karibu mwaka mzima ikipata jua la kutosha. Tena majani yake ya rangi yakizeeka hukaa juu ya tawi muda mrefu, yamekauka kama karatasi kuukuu.

Spektabilis ni mmea wenye nguvu zaidi. Miiba yake ni mikubwa, imepinda kama kulabu, nayo huwaumiza vibaya wakata matawi. Jani lake la kijani ni kubwa na nene. Pitisha kidole chini yake: utasikia malaika wengi, kama manyoya ya shavu la mtoto mchanga. Mrija wa ua nao umejaa malaika warefu waliosimama, na hauna kingo kali kama ule wa glabra. Majani yake ya rangi ni mapana kiasi, yenye umbo la yai, ya waridi, nyekundu au zambarau.

Hii haichanui ovyo. Hungoja wakati wa ukavu, ndipo ikafumuka yote kwa pamoja. Huko Katanga, ambako kiangazi huanza yapata mwezi wa tano na kuendelea hata wa tisa, mwenye spektabilis huona majani ya kijani matupu wakati wa masika, akadhani mmea wake umekuwa tasa. Si tasa, unangoja majira yake.

Mnaona basi: glabra ya zambarau na spektabilis ya zambarau zaweza kufanana kabisa kwa mtu apitaye barabarani. Lakini kidole kimoja chini ya jani, na vidole viwili juu ya mrija, vitazitenga kwa dakika moja.

Mtoto wa Kartahena

Tufike sasa kwenye bugenvilea iliyowapotosha watu wengi kuliko zote. Yapata mwaka 1910 bibi mmoja, jina lake Bibi Butt, aliona katika bustani ya mji wa Kartahena, nchi ya Kolombia, bugenvilea ya rangi nyekundu sana ambayo hakupata kuiona. Akaichukua mpaka kisiwa cha Trinidad. Kwanza wataalamu walidhani ni aina mpya ya asili, wakaiita butiana kwa heshima yake. Baadaye ilitambulikana kwamba ni chotara: mzazi mmoja ni glabra, na wa pili ni peruviana. Bugenvilea nyingi za nyekundu iliyokolea, za chungwa na za manjano tulizo nazo leo ni za ukoo huu.

Peruviana ina majani ya rangi madogo, ya mviringo, yaliyokunjamana, na mrija wake ni mwembamba, hauna malaika wa kuonekana. Mtoto wake butiana amerithi ile mikunjo na ule mviringo. Jani la rangi la butiana ni pana, karibu sawa kwa urefu na upana, na kingo zake zina mawimbi, kama kitambaa kilichofinywa kikiwa kibichi. Mrija wake umevimba kidogo tu, na zile kingo tano zaonekana kwa shida. Mashada yake ni makubwa, yameshikana pamoja mwishoni mwa tawi.

Sasa sikilizeni hila yake. Butiana nyekundu ikifunguka huwa nyekundu kabisa. Siku zikipita, wekundu wake hugeuka polepole, ukaelekea zambarau. Butiana ya chungwa nayo huishia katika waridi. Ile ya manjano ya dhahabu hupata wekundu hafifu kama ngozi ya embe. Sababu ni hii: ndani ya majani ya bugenvilea mna rangi za namna mbili, moja ya manjano na moja ya zambarau iliyo karibu na nyekundu. Kadiri jani linavyozeeka, kipimo cha moja kwa nyingine hubadilika. Kwa hiyo kichaka kimoja chaweza kuwa na rangi tatu siku ile ile: ya vijana kwenye ncha, ya watu wazima katikati, na ya wazee chini.

Yatoka hapa kanuni ya pili ya somo letu: rangi ya bugenvilea isomwe kwenye ncha ya tawi, katika shada lililofunguka sasa hivi, tena katika tawi lililo juani. Tawi la kivulini hutoa rangi iliyofifia, na mashada yake ni machache. Kisha itazamwe rangi ya mashada ya chini. Tofauti ya hizo mbili nayo ni alama. Bugenvilea isiyobadilika sana kutoka ncha hata chini ni ya namna moja; ile inayogeuka ni ya namna nyingine.

Mfano: vichaka viwili vya shule

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate hatua kwa hatua. Shule fulani karibu na Lubumbashi yataka uzio wa bugenvilea wenye urefu wa mita 30, wa rangi moja ya zambarau, nao uchanue miezi mingi. Vipo vichaka viwili vya kukata vipande: kimoja mlangoni, kingine karibu na kisima. Ni mwisho wa mwezi wa nane. Wanafunzi wavitazama kwa mbali, wasema, "Mwalimu, vyote ni vya zambarau. Tukate popote."

Mwalimu awaambia, "Ngojeni, wanangu. Leteni kwanza tawi moja moja, lenye ncha na mashada ya chini."

Tawi la mlangoni: shada la ncha ni la zambarau, na la chini ni la zambarau pia, limefifia kidogo tu. Majani ya rangi yamechongoka. Jani la kijani ni laini chini yake. Mrija ukizungushwa kati ya vidole, kingo zake zasikika. Chini ya tawi yamebaki majani ya rangi ya zamani, makavu. Alama zote zakubaliana: hii ni glabra.

Tawi la kisimani: mashada ya chini ni ya zambarau, ndiyo yaliyoonekana kwa mbali kwa kuwa ni mengi. Lakini kwenye ncha kuna mashada mawili mapya, nayo ni mekundu. Majani ya rangi ni ya mviringo, yamekunjamana. Mrija hauna kingo za kusikika vizuri. Basi hii ni butiana nyekundu, iliyo mwishoni mwa mchanuo wake. Kwa kuwa butiana huchanua kwa mafungu, yaani hufumuka, hupumzika, kisha hufumuka tena, siku ile wanafunzi waliikuta katika uzee wake.

Kama vipande vingekatwa popote, uzio ule ungekuwa wa zambarau mahali pamoja na mwekundu mahali pengine, tena sehemu moja ingekuwa imechanua na nyingine imelala. Wala kosa lisingeonekana siku ya kupanda, kwa sababu fimbo kavu zote hufanana. Lingeonekana baada ya miezi mingi, wakati mizizi imekwisha kushika. Kwa hiyo mwalimu aliagiza vipande vyote vikatwe katika kichaka cha mlangoni. Kila fungu alilifunga kwa uzi wenye kibandiko, akaandika tarehe na jina la kichaka mama.

Angalizo moja zaidi. Pengine kichaka kimoja cha bugenvilea hutoa tawi lenye rangi tofauti na matawi mengine, kwa mfano tawi jeupe katikati ya zambarau. Huo si uchawi, wala hakuna aliyelipachika. Tawi limegeuka katika chembe zake lenyewe, na kipande kikikatwa hapo chaweza kuendelea na rangi hiyo mpya. Kwa hiyo usiseme tu, "Nilikata katika kichaka kile," bali tazama ni tawi gani.

Hibiskusi: hesabu, kisha tazama ua limeelekea wapi

Katika hibiskusi zile sehemu za rangi ni petali halisi, nazo ni tano. Chini yake kuna kikombe cha kijani. Chini ya kikombe, tazama tena: kuna kola ya vijani vyembamba vya kijani. Wengi huipita kola hiyo bila kuiona, nayo ni alama kubwa, kama tutakavyosema. Katikati ya ua hutoka nguzo ndefu. Juu yake vimepangwa vifuko vya chavua, na kwenye kilele nguzo hugawanyika kuwa vitawi vitano, kila kimoja na kichwa kidogo cha mviringo kama kichwa cha pini.

Hibiskusi ya bustani iliyoenea kuliko zote huitwa kwa Kilatini rosa-sinensis, yaani "waridi la China", ingawa si waridi hata kidogo. Ndilo ua la taifa la Malesia, lililochaguliwa mwaka 1960. Petali zake ni pana, zimelaliana kando, na ua huelekea upande au juu. Kola yake ni ya vijani sita au saba, virefu kiasi cha sentimita 1. Rangi zake ni nyingi mno: nyekundu, waridi, manjano, chungwa, nyeupe, na mara nyingi katikati kuna jicho la rangi nyingine.

Ya pili ni jirani yetu kabisa. Asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na wataalamu huiita skizopetalus, maana yake "mwenye petali zilizopasuliwa". Ukiiona mara moja hutaisahau. Ua huning'inia kwa kikonyo kirefu chembamba, kama taa iliyofungwa darini. Petali zake nyekundu au za waridi zimekatwa-katwa mpaka zikawa kama ncha za shela, nazo zimepinda nyuma kuelekea juu. Nguzo yake ndefu hushuka chini kabisa, ikicheza kwa upepo. Tafuta kola yake: ni ndogo sana, vijani vya milimita 1 au 2 tu, karibu usivione.

Hapo ndipo kola inapotusaidia. Aina hizi mbili zimezaa machotara mengi katika bustani. Utakuta ua lililoinama nusu, petali zake zimechanika kidogo tu kwenye kingo, na kola yake si ndefu wala si ndogo sana. Usijilazimishe kulipa jina la mzazi mmoja. Andika tu "chotara ya rosa-sinensis na skizopetalus", nawe utakuwa umesema kweli.

Iko tena hibiskusi ijifanyayo maua mawili. Asubuhi ua lake ni jeupe. Adhuhuri limekuwa la waridi. Jioni ni jekundu, na kesho yake limesinyaa. Jina lake ni mutabilis, yaani "yenye kubadilika", nayo ilitoka China. Jani lake ni pana, lina ncha kama kiganja, na malaika. Wengi wana ile yenye petali nyingi, kama kabichi ndogo. Mtu akipita saa 1 ya asubuhi atasema, "Nimeona hibiskusi nyeupe", mwenziwe akipita saa 11 ya jioni atasema, "Si kweli, ni nyekundu." Wote wawili wamesema walichokiona. Siku za baridi badiliko hilo huenda polepole, na ua laweza kukawia katika rangi ya waridi.

Kwa sababu hiyo rangi ya hibiskusi yoyote na iandikwe pamoja na saa. Hata rosa-sinensis, ambayo ua lake kwa kawaida huishi siku moja tu, hupauka jua linapokuwa kali. Saa nzuri ni saa 3 ya asubuhi, ua likiwa limefunguka kabisa na halijachoka. Wala usitegemee picha ya simu peke yake, maana nyekundu iliyo juani huonekana kama chungwa, na zambarau hugeuka samawati. Linganisha ua lenyewe na kitu kinachojulikana: pilipili mbivu, ganda la chungwa, kiini cha yai.

Maua yaliyojaa, na ua lisilofunguka

Zipo hibiskusi zisizo na petali tano bali ishirini au zaidi. Zimetoka wapi hizo zilizozidi? Lipasue ua moja kwa kisu, kutoka juu hata chini. Utaona kwamba ile nguzo imefupika au imekatika, na vifuko vya chavua vilivyokuwa juu yake vimegeuka kuwa petali ndogo. Pengine utakuta petali yenye kifuko cha chavua kimeshikamana ukingoni mwake, kama mtu aliyebadili kazi akasahau kuvua nguo za kazi ya kwanza. Hiyo si aina nyingine. Ni rosa-sinensis iliyojaa. Tazama kola na jani lake, utaithibitisha.

Bugenvilea nazo zina namna iliyojaa. Katika hizo ile mirija imepotea, na mahali pake yamekuja majani mengine ya rangi, shada likawa kama fundo. Hapo kipimo cha mrija hakifai. Itakubidi utumie umbo la majani ya rangi na malaika wa jani la kijani. Alama yake nyingine ni kwamba mafundo hayo hayaanguki upesi. Hukauka juu ya tawi na kuwa rangi ya udongo, mpaka mtu ayakate.

Mwisho, uko mmea ambao watu wengi huuita "hibiskusi iliyolala". Ua lake ni jekundu, huning'inia, wala petali zake hazifunguki kamwe. Hubaki zimeviringwa kama mwavuli uliofungwa, na nguzo huchungulia kwenye ncha. Watu husema ua hilo halijakomaa, wakangoja lifunguke. Halitafunguka. Chukua kioo cha kukuzia, uhesabu vile vichwa vidogo vya kilele cha nguzo. Hibiskusi ina 5. Huu una 10. Ni ndugu wa hibiskusi katika jamaa moja, lakini si hibiskusi. Jina lake ni malvaviskus.

Mpaka wa elimu hii

Kwa alama hizi utaweza kusema ukoo wa ua: glabra au butiana, rosa-sinensis au skizopetalus, au chotara yao. Kusema jina la bustani, lile lililotolewa na mkuzaji na kuandikwa kwenye kibandiko dukani, ni jambo jingine. Majina hayo ni mamia. Pengine mmea mmoja una majina matatu, au jina moja limepewa mimea miwili. Ua peke yake halitoshi kulithibitisha. Mwenye kutaka jina hilo lazima ajue mmea wake ulinunuliwa wapi, au ulikatwa katika kichaka gani. Asiyejua na aandike ukoo na rangi kwa saa yake, asibuni jina.

Maswali kwa wanafunzi

La kwanza: Mama mmoja ana bugenvilea ya chungwa kwenye ncha na ya waridi chini. Majani ya rangi ni ya mviringo, yamekunjamana. Jirani yake asema kwamba mimea miwili imepandwa katika shimo moja. Ni kweli?

La pili: Ua la hibiskusi limeinama nusu, nguzo yake ni ndefu, kingo za petali zina mikato mifupi, na kola ina vijani vya nusu sentimita. Utaliandikaje?

La tatu: Bugenvilea ya zambarau haikuchanua masika yote. Chini ya jani kuna malaika wengi, na miiba ni mikubwa kama kulabu. Baba mwenye nyumba ataka kuing'oa. Utamwambiaje?

Majibu: La kwanza, tusiseme ni miwili kwa sababu ya rangi tu, alama zote ni za butiana ya chungwa, inayogeuka waridi kwa uzee. Afuate tawi moja toka ncha hata chini: akizikuta rangi zote mbili juu ya tawi lile lile, jambo limethibitika. La pili, chotara ya rosa-sinensis na skizopetalus. La tatu, "Baba, subiri kiangazi. Hii ni spektabilis."